Nguzo imekatiza mkono wa mtu kwenye picha: njia nne, nimezijaribu zote kwenye picha moja

Picha yenyewe ni ya sendofu. Mama mzazi wa bibi harusi kasimama pembeni ya turubai, kavaa kitenge cha njano na kahawia chenye mikono mifupi, kashika kipochi tumboni kwa mkono wa kushoto, kacheka vizuri kuliko picha zote za siku ile, na mbele yake kabisa kuna nguzo ya turubai, lile bomba la chuma lililopakwa rangi nyeupe, imeshuka kutoka juu mpaka chini na imekata kigasha chake katikati. Kigasha ni kile kipande cha mkono kati ya kiwiko na kifundo cha kiganja. Binti yake akaniambia kaka naomba hiyo nguzo itoke maana mama anaitaka ya ukutani, na hawakuwa na nyingine aliyocheka hivyo.

Kutoa nguzo iliyo mbele ya nyasi au ukuta kila mtu anaweza. Ikipita juu ya mkono ni kazi nyingine, kwa sababu ukishaitoa hakuna kitu nyuma yake, ni tundu, na lazima ujenge nyama ya mtu pale kati, na macho yetu yanaujua mkono wa binadamu kuliko yanavyojua kitu kingine chochote kwenye hiyo picha. Kwa hiyo nilifungua nakala nne za faili moja, nikajaribu kila njia mpaka mwisho, nikaweka saa. Nimetumia Photoshop ila karibu yote utayafanya Photopea kwenye brauza bila kulipa, na GIMP nayo inafika ukiwa na subira.

Kwanza nipime tundu, maana hapa ndo wengi wanakosea kabla hata hawajagusa brashi. Picha ina pikseli 6000 kwa 4000. Nguzo ina upana wa pikseli 150. Lakini jua linatoka kushoto, kwa hiyo upande wa kulia wa nguzo, kuelekea kiwiko, kuna kivuli chake kimelala juu ya ngozi kama pikseli 45 hivi, na upande wa kushoto kuelekea kiganja ngozi imepauka kidogo kwa pikseli 25 kwa sababu ule weupe wa bomba umeakisi mwanga. Ukitoa nguzo peke yake ukaacha kivuli na mpauko, mtu hataona nguzo ila ataona mkono una mistari miwili ya ajabu, mmoja mweusi mmoja mweupe, na atajua tu kuna kitu kilikuwepo. Kwa hiyo tundu langu halisi ni 220, sio 150. Na kama nguzo iko karibu na lenzi na haimo kwenye fokasi, kingo zake zinakuwa na ukungu uliotambaa juu ya ngozi, hapo ongeza tena 15 mpaka 20 kila upande, usione uchungu kutupa ngozi iliyochafuka.

Halafu pima upana wa mkono wenyewe kila upande wa tundu. Upande wa kiwiko nilipata 250, upande wa kiganja 215. Kigasha kinapungua kikielekea kifundoni, na hizi namba mbili utaona zinavyoamua kila kitu huko mbele.

Kitu kimoja nilifanya kwenye nakala zote nne, na kwa kweli nusu ya kazi iko hapo. Nilichukua Pen Tool nikachora ukingo wa juu wa mkono kuanzia mbali kidogo, kama pikseli 200 kabla ya tundu, ukapita hewani, ukaendelea 200 baada ya tundu, halafu ukingo wa chini vilevile. Kuanzia mbali kunasaidia kwa sababu mkono ndo unakuelekeza mpindo uendeje, ukianza pale pale tundu linapoanzia unaishia kupiga mstari ulionyooka kama rula na mkono unakuwa bomba lingine. Na kingo mbili hazifanani: misuli ya upande wa nje wa kigasha inatuna juu zaidi, karibu na kiwiko, ya upande wa ndani inatuna chini kidogo yake, kwa hiyo usichore ukingo mmoja ukaugeuza ukasema huo ndo wa pili. Ukimaliza, unganisha ncha za mistari hiyo miwili huku na kule iwe umbo moja lililofungwa, bonyeza kulia, Make Selection, Feather weka 0.8 au 1, ihifadhi. Hiyo ndo ukuta wa nyumba yako.

Na kabla ya mkono, jenga kilicho nyuma yake. Kitenge kwanza, kwenye leya yake ya chini, ukipitishe mpaka ndani ya eneo la mkono pikseli 20 au 30, halafu mkono unakuja juu yake na ukingo wake msafi. Ukianza na mkono halafu kitenge, utakuwa unakula ukingo kila ukigusa, nimeteseka hivyo miaka.

Sasa njia zenyewe.

Ya kwanza ni ile ya haraka, Edit > Content-Aware Fill, kile kidirisha chenye rangi ya kijani kilichokuja na toleo la 2019. Unachagua tundu, programu inatafuta vipande vya picha vinavyofanana na kingo za tundu na kuvishona. Ukiiacha kwenye Auto inachota kitenge, kipochi, mpaka uso wa mama, na kweli mara ya kwanza nilipata mkono wenye ua la kitenge katikati. Dawa yake ni kuweka Sampling Area kwenye Custom ukapaka kijani kwenye ngozi ya kigasha tu, pande zote mbili, na ile seleksheni ya mkono uliyohifadhi ikate tundu lisitoke nje ya kingo. Color Adaptation niliweka High, Rotation Adaptation niliacha None, Output To ikawa New Layer. Dakika 6 jumla.

Matokeo kwa mbali yanaridhisha. Ukikaribia unaona shida moja kubwa: programu haijui kuwa mwanga unatoka juu kwenda chini kwa mfuatano. Mkono ni kama gogo la mviringo, juu kuna mng'ao, katikati rangi ya kawaida, chini giza, na hiyo mistari mitatu inatakiwa ivuke tundu bila kukatika. Content-Aware Fill ilivusha mng'ao vizuri mpaka nusu ya tundu halafu ukashuka ghafla kama ngazi, pikseli 12 chini, na pale ngozi ikaonekana kama ina kovu. Nilijaribu mara tano kila mara kovu linahama mahali. Kwa hiyo naiheshimu kwa kitu chembamba, waya wa nguo, uzi wa puto, kijiti cha bendera, chochote chini ya robo ya upana wa mkono. Kwa tundu ambalo karibu linalingana na upana wa mkono wenyewe, kama hili langu, inakupa msingi wa kuanzia lakini kazi iliyokwisha haikupi.

Ya pili ni Clone Stamp pamoja na Healing Brush, njia ya wazee, na wengi wa mtaani bado ndo wanayotumia. Leya mpya tupu, Sample iwe Current & Below, brashi laini nusu, Alt unabofya ngozi ya kiwiko unaanza kupaka kuelekea kushoto. Hapa ndo zile namba mbili zinakuja. Ngozi unayoichota ina upana wa 250, unakoipeleka katikati ya tundu mkono unatakiwa uwe kama 232, na ukifika mwisho ni 215. Ukiweka ukingo wa juu ukae sawa, wa chini unazidi pikseli 18 mpaka 35, na ile seleksheni itaukata, sawa, lakini itakata pamoja na giza la chini lote, yaani mkono unabaki na mng'ao na katikati lakini hauna upande wa kivuli, unakuwa bapa kama kipande cha mbao. Nimeona picha nyingi sana za hivyo na mwenye picha anasema tu "huu mkono una nini?" bila kujua kutaja.

Suluhisho lipo na watu wengi hawajawahi kulifungua: Window > Clone Source. Pale unaweka W na H iwe 93%, maana 232 gawanya kwa 250 ni kama hiyo, na chanzo chako kinanywea kinapopakwa. Pia kuna sehemu ya pembe, mkono wa mama ulikuwa umeinama kama nyuzi 4 tofauti kati ya pande mbili nikaweka hapo. Baada ya hapo mng'ao, katikati na kivuli vyote vikakaa kwenye nafasi zao. Nilipaka nusu ya tundu kutoka kiwiko kwa 93%, halafu nusu nyingine kutoka upande wa kiganja nikiwa nimeikuza mpaka 108%, na zikakutana katikati.

Pale zinapokutana usiziunganishe kwa mstari uliosimama. Mstari uliosimama unaukata mkono kama bangili, hata rangi zikitofautiana kidogo tu jicho linaiona hiyo bangili. Peleka maungio kwa mshazari mrefu, kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, na yawe na mawimbi mawimbi.

Healing Brush inakuja mwishoni kulainisha, na ina tabia moja ya kuijua. Yenyewe inachukua chembe za ngozi kutoka unapobofya, lakini rangi na mwanga inachukua kutoka pembezoni mwa unapopaka. Ukikaribia ukingo wa mkono, pembezoni ni kitenge cha njano, basi njano inavuja ndani ya ngozi kama mafuta kwenye karatasi. Ile seleksheni ya kalamu ndo inazuia huo mvujo, iwashe kabla hujapaka, na ukingo wenyewe kabisa, zile pikseli 10 za mwisho, fanya kwa Clone Stamp tu. Muda wangu hapa ulikuwa dakika 35. Ngozi ilikuwa nzuri kuliko njia zote, ni ngozi yake mwenyewe na vinyweleo vyake. Kasoro: kadoa keusi kadogo karibu na kiwiko kalijirudia mara mbili, na kama hukukaona wewe mama mwenyewe atakaona maana anakajua.

Njia ya tatu, kukata kipande kizima na kukipindisha. Badala ya kupaka kidogo kidogo, unachagua kipande cha kigasha upande wa kiwiko, mimi nilichukua urefu wa pikseli 280 ili kuwe na ziada ya 30 kila upande, Ctrl+J, unakisogeza juu ya tundu, halafu Edit > Transform > Warp. Ile njia ya kalamu iache inaonekana, unavuta kona nne na vishikizo vyake mpaka kingo za kipande zilale juu ya mstari. Upande wa kulia unabaki 250, wa kushoto unaubana mpaka 215, na kwa sababu unabana kipande chote pamoja, mng'ao na kivuli vinabanwa navyo kwa uwiano. Hapa ndo inaishinda njia ya pili waziwazi: kupungua kwa mkono kunakuja wenyewe taratibu kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakuji kwa ngazi mbili. Maski, brashi laini kubwa, unafifisha kingo za kushoto na kulia kwa mshazari. Dakika 18 tu.

Kilichobaki ni rangi. Ngozi ya karibu na kiwiko mara nyingi ni nyeusi zaidi na kavu kuliko ya karibu na kifundo, kwa hiyo kipande kilifika kikiwa kimekolea. Niliweka leya ya Curves iliyobanwa kwenye kipande hicho peke yake, nikainua katikati kidogo, halafu kwenye maski ya hiyo Curves nikavuta mteremko mweusi kwenda mweupe ili upande wa kiwiko usiguswe na wa kiganja upate mabadiliko yote. Ukiinua kipande chote kwa usawa, upande mmoja utakubali na mwingine utakataa, utazunguka hapo nusu saa.

Mipaka yake ni kunyoosha. Ukikivuta kipande zaidi ya kama sehemu moja ya kumi, vinyweleo na vitundu vya ngozi vinakuwa virefu vya mshazari, na ukishaviona huwezi kuacha kuviona. Kubana sio shida sana, kunyoosha ndo shida, kwa hiyo siku zote chota kwenye sehemu nene upeleke kwenye nyembamba.

Kuna wanaopenda kuchukua mkono wa pili na kuugeuza kama kwenye kioo. Inawezekana, lakini angalia vitu viwili. Cha kwanza mwanga: ukigeuza mkono umegeuza na jua, mng'ao uliokuwa unatoka kushoto sasa unatoka kulia, na kama picha ina jua kali hiyo huifichi. Siku ya mawingu au chini ya turubai lote, mwanga umetapakaa, inakubali. Cha pili kiganja kimeelekea wapi. Mifupa miwili ya kigasha inapishana unapogeuza kiganja kiangalie chini, na umbo la kigasha chote linabadilika pamoja nayo. Mkono mmoja kiganja kikiwa kimeangalia tumbo na mwingine kikiwa kimeangalia paja, hiyo ni mikono miwili tofauti hata kama ni ya mtu mmoja. Mama yangu huyu mkono wa kulia alikuwa kauweka begani kwa binti yake, kwa hiyo haukunifaa kabisa.

Ya nne ni kuchora mkono upya. Hii wengi wanaiogopa na mimi niliiogopa muda mrefu, ila ndo iliyonifundisha zile tatu. Leya mpya, washa seleksheni ya kalamu, jaza rangi ya katikati ya ngozi. Halafu Eyedropper iweke 5 by 5 Average, uchote rangi tano kwenye mstari mmoja uliosimama upande wa kiwiko, kutoka ukingo wa juu mpaka wa chini. Zangu zilikuwa hivi kwa RGB: ukingo wa juu 138, 94, 68, mng'ao chini yake kidogo 171, 122, 92, katikati 114, 71, 49, kivuli 63, 37, 27, na ukingo wa chini kabisa 86, 56, 24.

Iangalie hiyo ya mwisho vizuri. Ukingo wa chini una mwanga zaidi kuliko kivuli kilicho juu yake, na bluu yake imeshuka chini ya ile ya kivuli huku nyekundu na kijani zimepanda. Hiyo ni njano ya kitenge imeruka kutoka kwenye nguo ikagonga chini ya mkono. Mtu asiyechota rangi, anayepaka kwa kukisia, atafanya chini kuwe giza tu mpaka mwisho, na mkono wake utaonekana umebandikwa, haujakaa juu ya nguo. Kwenye njia zote tatu za mwanzo hii njano inakuja bure ndani ya ngozi unayoichota, ila ukiwa unafifisha na kulainisha unaweza kuifuta bila kujua, ndo maana naitaja.

Chota tena tano upande wa kiganja, halafu kwa brashi laini ya 60, opasiti 12%, vuta michirizi mirefu inayounganisha rangi ya huku na mwenzake wa kule, mng'ao kwa mng'ao, kivuli kwa kivuli, ukifuata mpindo wa ukingo. Lock Transparent Pixels iwe imewashwa, Gaussian Blur ya 7 kulainisha. Hapo una mkono wa plastiki, umbo sahihi, mwanga sahihi, ngozi hamna. Ngozi unaiazima: kipande kutoka kiwiko, Filter > Other > High Pass ya 3, leya iwe Overlay, maski. Mwisho Filter > Noise > Add Noise, Gaussian, Monochromatic, mimi ilikaa kwenye 2%, ukilinganisha na chenga za ngozi ya jirani kwenye ukuzaji wa 200%. Chenga zina kazi nyingine pia, zinavunja ile mistari mistari inayotokea unapopaka mteremko laini kwenye faili la biti 8.

Saa 1 na dakika 20. Umbo na mwanga ndo bora kuliko zote, ngozi ni ya pili kutoka mwisho. Kwa nguzo hii kuchora mkono mzima ni kupoteza muda, ila kama nguzo ni pana, inafunika theluthi ya kigasha au zaidi, na ngozi iliyobaki ya kuchota ni ndogo, hakuna njia nyingine itakayokufikisha.

Kwa hiyo unachaguaje? Mimi siangalii kwanza upana wa nguzo, naangalia kama kingo zote mbili za mkono naziona pande zote mbili za tundu. Nikiziona, na tundu ni jembamba kabisa, Content-Aware Fill na marekebisho kidogo. Nikiziona na tundu linakaribia upana wa mkono, kipande na Warp, halafu Clone Stamp juu yake kufunika marudio na maungio. Hiyo ndo niliyoitumia kwenye picha niliyomkabidhi, na kutoka kwenye njia ya kuchora nikaazima michirizi miwili tu, mmoja wa mng'ao na mmoja wa ile njano ya chini, kwenye leya yake kwa opasiti ndogo, vivuke tundu bila kukatika. Nikichanganya hivyo ilinichukua kama dakika 40.

Kama ukingo mmoja hauonekani, mfano nguzo imefunika kifundo au kiwiko chenyewe, hapo habari ni tofauti. Kiwiko kina mfupa, mikunjo, na umbo linalobadilika kwa kila pembe, huwezi kulikisia kutoka kwenye kigasha. Vidole ndo kabisa. Nguzo ikipita kwenye kiganja usijaribu kujenga vidole kichwani, rudi kwa mpiga picha umuombe fremu nyingine za dakika ile ile. Wapiga picha wengi wanabofya mara tatu nne mfululizo, na mtu akiyumba kidogo tu, au mpiga picha akisogea nusu hatua, nguzo inakuwa imehama na kile kiwiko kinaonekana. Zipakie mbili kwenye faili moja, zichague zote, Edit > Auto-Align Layers, halafu maski. Hata kama uso wa fremu ya pili ni mbaya mtu kafumba macho, wewe unataka kiwiko tu. Kama fremu haipo, napendelea kumwambia mteja tuikate picha juu ya kiwiko kuliko kumpa mama yake mkono ambao sio wake.

Programu za simu zenye kidole cha kuponya, kama Healing ya Snapseed, hazikuachii uchague ngozi itoke wapi, kwa hiyo ziweke kwenye kundi la Content-Aware Fill, tena kwa vitu vyembamba tu.

Haya yote nazungumzia picha za familia. Picha ya habari usiiguse, hata kama ni nguzo tu. Ile picha maarufu ya chuo kikuu cha Kent State kule Marekani ya mwaka 1970 iliyopigwa na John Filo, mtu alifuta nguzo ya uzio iliyokuwa nyuma ya kichwa cha yule binti aliyepiga magoti, nakala isiyo na nguzo ikachapishwa majaridani, na mpaka leo wanahabari wanaitumia kufundishia nini kisifanyike.

Kukagua. Usianze kuikagua ukiwa umeikuza, hapo kila kitu kinakuwa pikseli na huoni mkono. Shusha mpaka 25%, uangalie mtu mzima. Halafu Image > Image Rotation > Flip Canvas Horizontal, macho yakishazoea kosa kwa saa nzima hayalioni tena, ukigeuza linakurukia. Halafu juu kabisa weka leya ya Black & White na juu yake Curves uliyoikunja kwa nguvu iwe na mawimbi mawili, picha itakuwa ya kutisha lakini bangili yoyote, kovu lolote la mwanga, litaonekana waziwazi. Yangu ilionyesha kipande cha kivuli cha nguzo cha upana wa kama pikseli 8 ambacho nilikiacha kwenye ukingo wa kulia wa tundu, macho yangu yalikipita mara zote. Zifute hizo leya mbili kabla ya kuhifadhi.

Mwisho kabisa ukuze 200% uangalie ukingo peke yake. Ukingo wa mkono halisi kwenye picha hii ulikuwa unachukua pikseli 2 mpaka 3 kutoka ngozi kwenda kitenge. Wangu ulikuwa unachukua 1, mkali kama umekatwa na mkasi, kwa hiyo nilipita na Blur Tool ya saizi 6 juu ya mstari ule mara moja, juu na chini, ndani ya lile tundu la 220 tu. Nikaprinti A4 kwanza ya majaribio nikampelekea yule binti, nikamwambia anionyeshe nguzo ilikuwa mkono upi. Akaniambia wa kulia.